Gemu inajifunga yenyewe: waandikie hivi

"Wakuu, gemu yangu ya mbio za magari inajifunga yenyewe kila jioni. Nimewaandikia watengenezaji, wakanijibu 'tupe maelezo zaidi'. Maelezo gani tena?"

Ndugu yangu, "inajifunga" haiwapi pa kuanzia. Yangu ilinisumbua hivyo hivyo kwenye matatu ya Rongai, hadi nikagundua inakufa nikipigiwa simu wakati mbio zinapakiwa. Nikajaribu makusudi mara tano, nikimwomba dada yangu anipigie: ikaanguka mara nne. Bila kupigiwa, haikuanguka kamwe. Ndipo nikaandika:

"Simu: SM-A145F, Android 13. Gemu: toleo 2.4.1. Hatua: fungua gemu, chagua mbio, pokea simu upau wa kupakia ukifika katikati, kata, rudi kwenye gemu. Nilitarajia mbio zianze. Skrini inakuwa nyeusi, kisha gemu inajifunga. Mara 4 kati ya 5. Mara ya mwisho: leo 21:40, UTC+3."

Namba ya modeli iko `Settings > About phone`. "Galaxy A14" pekee haitoshi, maana ya 4G na ya 5G zina chipu tofauti. Na usiwaandikie "saa tatu na dakika arobaini" yetu. Watapekua rekodi za saa zisizo zenyewe.