Muda hasi usiku wa Oktoba

"Seva iko London. Kazi ilianza 01:50, ikaisha 01:10, programu inasema dakika -40. Kulikoni?"

Usiku wa 27 Oktoba 2024 saa za London zilirudishwa kutoka 02:00 hadi 01:00, kwa hiyo hiyo 01:10 ni ya mzunguko wa pili. Kwa UTC kazi ilianza 00:50 ikaisha 01:10, yaani dakika 20. Ushauri wa kuongeza saa moja kwenye hizo dakika -40 umepatia nusu tu: rekodi iliyoandikwa 01:30 haikwambii ni ya mzunguko upi, na hilo huwezi kulirudisha. Hifadhi na upige hesabu kwa UTC, kisha ugeuze kwa `Europe/London` wakati wa kuonyesha tu. Miadi ya mbeleni ndiyo inayonipa wasiwasi, maana sheria za saa hubadilika. Huko hifadhi saa ya mahali pamoja na jina la ukanda.