Intigreta moja haitoshi: namna kidhibiti kinavyofuata rampu na wimbi la sine

Ukiingia kwenye kazi ya udhibiti, mapema sana utaambiwa kwamba intigreta huondoa hitilafu. Ni kweli kwa lengo lililotulia. Lengo likianza kusogea kwa kasi fulani, yaani rampu, au likienda na kurudi kama wimbi, utaona hitilafu imebaki palepale, na mkono utakuwasha kuongeza geini. Hitilafu itapungua lakini haitaisha, na ukizidi kuongeza mfumo utaanza kutetemeka. Kabla ya kufika huko, jiulize kidhibiti chako kinajua kutoa mwendo wa aina gani.

Nitatumia stendi ya darubini, kwa sababu rampu na wimbi la sine vinakutana humo kwenye mhimili mmoja. Mota huzungusha mhimili ili kufuata nyota, karibu sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa. Kati ya mota na mhimili kuna parafujo inayosukuma gurudumu lenye meno, tuseme meno 180. Dunia hujizungusha mara moja kwa sekunde 86,164 ukiipima kwa nyota, kwa hiyo parafujo humaliza mzunguko wake kwa sekunde 478.7, pungufu kidogo ya dakika 8. Hakuna parafujo iliyochongwa bila kasoro. Tuchukulie hii yetu inaisogeza nyota sekunde 10 za tao upande huu, kisha 10 upande ule, kila mzunguko. Hilo ndilo wimbi letu, na ω0 yake ni 2π/478.7, yaani 0.0131 radiani kwa sekunde.

Rampu inatoka kwa kimondo chenye mkia, kile kinachosogea taratibu katikati ya nyota. Kamera ya kuongozea inaangalia nyota ya jirani, huku kichwa cha kimondo kikitakiwa kikae kwenye mpasuo wa spektrografu wenye upana wa sekunde ya tao moja au mbili. Kimondo kikienda sekunde 3 za tao kwa dakika, lengo la kamera nalo lazima lisogee kwa kasi hiyo, yaani 0.05 kwa sekunde.

Kamera inapiga picha kila sekunde 3 na kupima hitilafu e. Kidhibiti kinajibu kwa kuongeza au kupunguza kasi ya mota kwa kiasi u. Stendi inageuza kasi kuwa pembe, hivyo yenyewe ni intigreta: P(s) = 1/s. Mwendo wa kawaida wa nyota tayari uko ndani ya mota. Kitanzi cha mrejesho kinashughulikia kinachobaki tu.

Anza na geini tupu, u = Kp·e, na Kp ya 0.05. Ili kwenda na kimondo, mota lazima iongezewe kasi ya 0.05. Kidhibiti hiki hakitoi chochote bila hitilafu, kwa hiyo lazima e iwe 0.05/0.05, sekunde 1 nzima ya tao, muda wote. Kichwa cha kimondo kimeshakaa ukingoni mwa mpasuo. Wimbi la parafujo nalo linapunguzwa kutoka 10 hadi 2.5 hivi.

Sasa ongeza integrali, Ki = 0.000625. Ukikokotoa uwiano kati ya usumbufu na hitilafu unapata

```
S(s) = s^2 / (s^2 + Kp*s + Ki)
```

Rampu ni 0.05/s². Zile s² za juu zinaifuta kabisa, na hitilafu ya kimondo inakwenda sifuri. Moja ya hizo s imetoka kwenye stendi na ya pili kwenye kidhibiti. Hesabu hii usiipite haraka. Watu husema "mota ina intigreta yake, inatosha," na kwa lengo linalosimama wanasema kweli. Lakini kasi isiyotakiwa ikiingia kabla ya stendi, mathalani mota yenye saa inayochelewa kidogo, intigreta ya stendi haisaidii kitu, maana iko upande wa pili wa mahali tatizo lilipoingilia. Ile iliyo ndani ya kidhibiti inasaidia kotekote.

Na wimbi? Weka s = jω0 kwenye S hiyo hiyo. Utapata 0.216, yaani 10 inakuwa 2.2. Tumeongeza intigreta nzima na tumepata nafuu isiyofika hata nusu ya sekunde ya tao. Hapa ndipo wageni wengi huduwaa, kwa sababu integrali walishaambiwa ni dawa ya kila hitilafu.

Tuseme hitilafu imekuwa sifuri kabisa na inabaki hivyo. Parafujo bado inasukuma nyota huku na huku, kwa hiyo mota lazima iendelee kupokea amri inayopanda na kushuka kinyume chake: 10 × 0.0131, takriban 0.13 ya sekunde ya tao kwa sekunde kwenye kilele, kila dakika 8, bila kukoma. Amri hiyo inatoka wapi? Haiwezi kutoka kwenye e, maana e ni sifuri. Lazima kidhibiti kiitoe chenyewe bila kupewa chochote mlangoni. Intigreta ikipewa sifuri hushikilia namba isiyobadilika, na namba isiyobadilika ndiyo iliyohitajika kwa kimondo. Wimbi linahitaji kitu ambacho kikipewa sifuri huendelea kuyumba kwa ω0 ileile, kama bembea isiyo na msuguano. Kihesabu ni kasma yenye s² + ω0² kwenye asili yake. Ukiiweka ndani ya kidhibiti C, s² + ω0² inatokea juu kwenye S na kulifuta wimbi, kama s² zilivyoifuta rampu.

Hii ndiyo kanuni ya modeli ya ndani, ambayo Bruce Francis na Murray Wonham waliichapisha kwa jina hilo mwaka 1976. Sehemu yake nzito inahusu uimara. Wimbi unaweza kulifuta pia kwa kurekodi jedwali la makosa ya parafujo na kulirudisha kwa mota, na stendi nyingi zina huduma hiyo. Lakini jedwali linafuta sawasawa pale tu ukubwa na wakati wake vinapolingana na parafujo. Ukitaka hitilafu iwe sifuri hata namba za mtambo zikibadilika, huna njia nyingine: mrejesho lazima upime kile unachotaka kukidhibiti, na kidhibiti lazima kiwe na nakala ya mwendo husika. Kwenye darubini hili linaonekana wazi. Nyota iliyo nyuzi 60 kutoka ikweta ya anga husogea mbele ya kamera nusu tu ya ile iliyo kwenye ikweta, kwa hiyo geini ya kitanzi inashuka kwa nusu bila wewe kugusa chochote. Kidhibiti chenye modeli kinachelewa zaidi kutulia, ila hitilafu yake ya mwisho bado ni sifuri.

Kwa hiyo kidhibiti chetu kinakuwa hivi:

```
C(s) = Kp + Ki/s + Kr*s/(s^2 + w0^2)
```

Kwa stendi isiyo na ucheleweshaji, geini zote tatu zikiwa chanya mfumo huu ni thabiti. Thibitisha mwenyewe kwa jedwali la Routh. Nikiweka Kr = 0.0002, kinachobaki cha wimbi kinapungua hadi karibu theluthi kila dakika 15 hivi, takriban mizunguko miwili ya parafujo. Usitarajie muujiza kwenye dakika ya kwanza. Kidhibiti hakiwezi kulijua wimbi la dakika 8 kabla hakijaliona. Wala usikimbilie kuongeza Kr au Kp ili kuharakisha: hewa hutikisa taswira ya nyota kutoka picha moja hadi nyingine, na kitanzi chenye geini kubwa kitaanza kuifukuza hewa. Hiyo ndiyo sababu Kp yetu ni ndogo tangu mwanzo.

Kwenye programu, rezoneta, yaani ile sehemu yenye Kr, ni hali mbili zinazozungushana:

```
c, s = cos(w0*T), sin(w0*T)
x1, x2 = c*x1 - s*x2 + T*e, s*x1 + c*x2
I = I + T*e
u = Kp*e + Ki*I + Kr*x1
```

Tumia mzunguko huu wa c na s. Ukiandika kwa Euler ya kawaida, `x1 + T*(-w0*x2 + e)`, kila hatua inakuza wimbi kidogo hata e ikiwa sifuri. Kwa T ya sekunde 3, ukuaji huo unafikia asilimia 13 kwa kila mzunguko wa parafujo. Kitanzi kitauzuia usilipuke, lakini modeli si nakala kamili tena, na masalia ya wimbi yatabaki kwenye grafu yako bila wewe kuelewa yanatoka wapi.

Namba ya kuangalia kuliko zote ni ω0. Ikikosewa kwa asilimia 1, kinachobaki ni kama 0.17 ya sekunde ya tao, ambacho hewa itakificha. Sasa chukua stendi ya meno 144, ambayo parafujo yake huzunguka kwa sekunde 598, na uiachie rezoneta ya 478.7. Kp na Ki peke yake zingebakiza 1.5. Ukiiweka na rezoneta hiyo isiyo yake unapata 2.0. Modeli isiyo sahihi imeongeza hitilafu, kwa sababu nje ya ω0 rezoneta inavuta awamu upande usiofaa na kula geini ya integrali. Ukiona grafu imeharibika baada ya kuwasha rezoneta, hesabu meno kwanza kabla ya kugusa geini. Na kama kwenye spektra ya hitilafu kilele cha dakika 8 kimezama lakini cha dakika 4 kimebaki, basi kasoro ya parafujo si sine safi. Ongeza rezoneta ya pili kwenye 2ω0, maana ile ya kwanza haiwezi kuutoa mwendo huo.

Wingu likipita na nyota ikapotea, weka e = 0 na uache mistari ile iendelee kukimbia. Usifute x1, x2 wala I. Wengi huandika msimbo unaovifuta ili "kuanza upya", kisha wanasubiri robo saa nyingine kwa kila wingu. Ukiviacha, stendi itaendelea kwenda na kimondo na kurekebisha parafujo bila kuona chochote, na nyota ikirudi utaikuta karibu pale ulipoiacha. Jaribio hilo lifanye makusudi siku ya kwanza: funika kamera kwa dakika 4, nusu mzunguko wa parafujo, kisha ifunue na usome hitilafu ya picha ya kwanza.