Tisa nne, dakika nne

Nilipokuwa nasimamia mfumo wa kukata tiketi za mabasi kwa simu, wakubwa walitaka upatikane kwa asilimia 99.99. Niliwawekea hesabu moja mezani. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200, kwa hiyo tisa nne zinakuachia dakika 4 na sekunde 19 za hitilafu. Mhandisi wa zamu akiamshwa saa nane usiku, muda huo unaisha hata kompyuta hajaifungua. Anayeutaka uhakika huo anunue mfumo unaojihamisha wenyewe kutoka kituo kimoja cha data hadi kingine. Tisa tatu, yaani asilimia 99.9, zinatoa dakika 43, na humo mtu anawahi kufanya jambo.

Walikubali tisa tatu, lakini nikawasihi tusipime dakika ambazo seva iko hewani. Tulishaona seva ikiwa nzima kabisa huku abiria hawawezi kulipa. Tukapima malipo yenyewe: ombi ni zuri iwapo mtandao wa simu umethibitisha kulipokea ndani ya sekunde 5. Abiria akikosea namba ya siri baada ya hapo, hatuhesabu. Mtandao ukikwama, tunahesabu, maana aliyesimama stendi na mabegi hajali kosa ni la nani. Ndiyo sababu lazima kwanza usome kumbukumbu za miezi mitatu iliyopita: kama mtandao wenyewe hupoteza maombi 3 kati ya 1,000, tisa tatu hutazipata hata programu yako iwe safi namna gani.

Tulikuwa na maombi kama 600,000 kwa mwezi:

```
(1 - 0.999) * 600000 = 600
```

Hayo 600 ndiyo bajeti ya makosa, na ni halali kuyatumia. Ijumaa moja jioni, siku ya 11 ya mwezi, tulitoa toleo jipya lililomaliza miunganisho ya hifadhidata. Hadi tunalirudisha la zamani, malipo 420 yalikuwa yamekwama. Tukabaki na 180 kwa siku 19.

Hapo ndipo bajeti ilipofanya kazi yake. Tulishakubaliana kwa maandishi kwamba ikibaki chini ya theluthi, vipengele vipya vinasimama mpaka chanzo kirekebishwe. Mwenzetu wa masoko alikuwa na ofa ya kutangaza, ikaumiza, lakini hakukuwa na kugombana; namba aliisaini mwenyewe. Bila saini ile, naamini tungeshindwa.

Kengele nazo tulizibadilisha. Hazilii tena kwa kosa moja moja, zinalia asilimia 2 ya bajeti, yaani makosa 12, ikiliwa ndani ya saa moja. Usiku wa manane, maombi yakiwa machache, kosa moja kati ya maombi kumi lilikuwa likituamsha bure.

Ukurasa wa kutafuta ratiba tuliupa asilimia 99.5. Ukikwama, abiria huujaribu tena, na pesa yake haijaguswa.