Kijana wa dirishani na mabano mawili

Julai huku Rungwe ukungu hauondoki mpaka saa nne. Kipindi cha kwanza watoto wanaandika huku mkono mmoja uko ndani ya sweta. Nafundisha hisabati kidato cha pili, wanafunzi 64 kwenye mkondo mmoja, na yupo kijana aliyekuwa anakaa nyuma kabisa, dirishani, ambaye kwa muhula mzima sikuona akianza swali hata moja mpaka nimsimamie. Nikisogea, anashika kalamu. Nikigeuka, anaiweka.

Mwanzoni nilimfanya kama nilivyofanywa mimi: kusimama, kufyeka nyasi, kuitiwa mzazi. Kisha nikabadili, nikaanza zawadi. Atakayemaliza maswali yote, daftari jipya. Wiki mbili darasa lilichangamka. Wiki ya tatu nikaandika maswali ubaoni, mmoja akauliza, "Madamu, haya ni ya zawadi au ya kawaida?" Nikajibu ya kawaida, nikasikia kalamu zikilazwa mezani.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1971 Mmarekani Edward Deci alichapisha jaribio lake na wanafunzi wa chuo waliokuwa wakiunganisha vipande vya fumbo liitwalo Soma. Kundi moja lililipwa dola moja kwa kila fumbo katika awamu ya pili, halafu awamu ya tatu malipo yakakoma. Katikati ya kila awamu yeye alitoka chumbani kwa dakika nane, akawaacha wafanye wapendavyo, huku wakitazamwa bila kujua. Waliokuwa wamezoea kulipwa wakapunguza muda wa kuchezea fumbo. Baadaye yeye na Richard Ryan walijenga nadharia ya kujiamulia, inayosema mtu hujisukuma mwenyewe pale mahitaji matatu yanapopata chakula: kuona jambo ni lake, kuona analiweza, na kuona ana watu.

Hizo dakika nane ndizo nilizoziiba. Siku hizi nikitaka kujua darasa limefika wapi, natoka kufuata chaki, kisha narudi polepole na kuchungulia. Anayeendelea nikiwa sipo ndiye ninayeanza kumhesabu.

Lakini fumbo linafurahisha lenyewe, na kuvunja x² + 7x + 12 kuwa mabano mawili hakufurahishi watu wengi. Kwa hiyo kilichonisaidia zaidi ni jaribio jingine la Deci na wenzake, la mwaka 1994, ambapo watu walipewa kazi ya kuchosha kwa makusudi: kukodolea skrini na kubonyeza kitufe kila nukta ya mwanga inapotokea. Waliangalia mambo matatu. Je, mtu ameambiwa sababu yenye maana? Je, imekubaliwa waziwazi kwamba kazi inachosha? Je, ameambiwa kwa maneno yanayomwachia nafasi ya kuamua, au kwa amri? Pale angalau mawili kati ya hayo yalipokuwepo, watu waliichukua kazi ikawa yao kweli. Yalipokosekana, hata walioendelea waliendelea huku moyo ukikataa.

Nikaanza na sababu, na nikakosea. Nilijua kijana huyu siku za gulio anapakia viazi na mjomba wake, basi nikamwambia mabano haya yatamsaidia kuhesabu magunia. Akacheka. "Madamu, mjomba hajasoma, na kwa magunia anakushinda." Alikuwa sahihi. Hakuna mpakiaji anayetafuta x kwenye lumbesa. Sababu ya uongo ni mbaya kuliko kukosa sababu, maana mtoto akishaikamata, na ile ya kweli utakayoleta kesho hataisikia.

Siku ya pili nilikaa kwenye dawati la mbele yake, nikamwambia hivi: "Hili shambani halitakusaidia. Nalifundisha kwa sababu liko kwenye upimaji wa Novemba, na kwa sababu kidato cha tatu kuna mada haziingii mpaka hili limeingia. Linachosha, najua, na asubuhi hii vidole vinauma. Ubaoni kuna maswali kumi na mawili. Chagua sita, ila mawili yatoke mstari wa mwisho. Ukitaka kukaa na mwenzako, kaa."

Tazama kwamba kazi sikuifuta. Maswali sita lazima yafanyike, na mstari wa mwisho ndio wenye maswali magumu. Walimu wenzangu wengi wakisikia uhuru wa mwanafunzi wanafikiri ni kumwacha aote jua. Sivyo. Na chaguo la aina ya "fanya au ukafyeke" si chaguo, mtoto analijua hilo kabla hujamaliza sentensi.

Alichukua kalamu, akakaa, hakuandika. Hapo ndipo nikagundua kitu ambacho uvivu ulikuwa umenifichia. Maelekezo yalikuwa kwa Kiingereza, na yeye amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili tupu. Nikamuuliza, "Namba gani mbili ukizizidisha unapata 12, ukizijumlisha unapata 7?" Alisema tatu na nne kabla sijafunga mdomo.

Basi muhula mzima nilikuwa nampigia kelele mtu aliyekuwa na jibu.

Swali lililofuata lilikuwa x² − 7x + 12. Akaandika (x − 3)(x + 4). Zamani ningepiga mkasi mwekundu. Safari hii nikasema, "Jozi umeipata. Fungua mabano uone kama unarudi ulikotoka." Akazidisha, akapata x² + x − 12, akakunja uso, akafuta, akaandika (x − 3)(x − 4), akafungua tena bila kuambiwa. Hiyo njia ya kujikagua ilimsaidia kuliko sifa zangu zote, kwa sababu hakuhitaji kunitazama usoni ili ajue amepata. Na kama unasifu, sifia alichofanya. "Una akili sana" humfanya mtoto aogope swali linalofuata.

Upande wa kuwa na watu sikufanya makubwa. Niliacha kusoma alama kwa sauti, na alipokosa kuja nilimuuliza viazi vimekwendaje kabla ya kumuuliza daftari liko wapi.

Kuna wengine nilikuwa nawahesabu kuwa sawa, kumbe sivyo. Binti wa safu ya mbele anafanya kila swali, haulizi kitu, na akipata 18 kati ya 20 machozi yanamlenga. Huyo naye anasukumwa, ila anayemsukuma ni aibu iliyomo ndani yake. Kwa kumtazama tu huwezi kumtofautisha na anayependa. Mpe swali lisilo na maksi uone kama atalifanya. Yeye aliliruka.

Wanafunzi 64 siwezi kukaa na kila mmoja. Maneno ya ubaoni na nafasi ya kuchagua nawapa wote, mazungumzo ya dawatini nawapa watatu au wanne kwa wiki. Kijana wa dirishani alitoka 4 kati ya 20 akafika 7, yaani kutoka F kuingia D, na nilipotoka kufuata chaki nilimkuta akibishana na jirani yake kuhusu alama ya kutoa. Ijumaa, siku ya gulio, bado haji. Mada mpya nimezihamishia Alhamisi.