Viti maalum vya Bunge la Tanzania vinapatikanaje?

"Wabunge wa viti maalum wanachaguliwa na nani, na mbona wengine hawavitaki?"

Hawapigiwi kura na wananchi. Chama hupeleka Tume ya Uchaguzi orodha ya majina ya wanawake, kisha vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura za ubunge hugawana viti kwa uwiano wa kura hizo. Anayesema kwamba Rais ndiye anayewateua anachanganya na zile nafasi zake 10 za kuteua wabunge.

Mimi naviunga mkono, maana jimboni wanawake wengi wanakwama mapema, kwenye kura za maoni, kwa kukosa fedha. Lakini hoja ya wanaovipinga ina uzito. Kilichokupa kiti ni chama, na ukikikera, miaka mitano ijayo jina lako linashushwa chini ya orodha. Huna jimbo wala Mfuko wa Jimbo, na Ibara ya 51 ya Katiba inataka Waziri Mkuu atoke kwa wabunge wa majimbo. Kenya wawakilishi wanawake 47 wanapigiwa kura na kaunti nzima. Naona hilo ni bora, ingawa kampeni ya kaunti nzima nayo ina gharama zake.