Lenta ya dirisha la mita 1.8, inabeba ukuta kiasi gani?

"Wakuu, dirisha la mita 1.8, tofali za inchi 6, kwenye hesabu ya lenta naweka uzito wa ukuta wote wa juu au wa pembetatu tu?"

Pembetatu, kwa sababu ukuta wa juu yake hujibeba wenyewe kama tao na kusukuma pembeni. Ila mdau aliyesema chora tu pembetatu ya nyuzi 45 toka ncha za lenta yuko sawa nusu, kwanza pima toka juu ya lenta hadi slabu. Lenta ikikalia sm 20 kila upande, spani ya hesabu ni mita 2, pembetatu inapanda mita 1, eneo mita 1 ya mraba, na ukuta huo na plasta yake weka kN 3.5. Momenti ni WL/6, yaani 3.5×2/6 = 1.17 kNm, jumlisha uzito wa lenta yenyewe (sm 15 kwa 20) unafika kama 1.5, nondo mbili za mm 10 chini zinatosha kabisa. Pale lenta inapokalia ukuta, kila upande unapata kN 2.5 juu ya mm 150×200, haifiki hata 0.1 N/mm², tofali halistuki.

Sasa slabu ikikaa sm 60 tu juu, imekata pembetatu, mzigo wake wote unashuka kwenye lenta. Ikileta kN 15 kwa mita, momenti inaongezeka 7.5, pale pa kukalia inafika karibu 0.6 N/mm², tofali laini za mtaani zinaanza kupasuka kwa mshazari kwenye kona.

Yule dada aliyeuliza kuhusu dirisha lake la kwenye kona ya nyumba, hapo mi pembetatu siiamini, tao litausukuma nje ukuta mfupi wa pembeni. Toka dirisha hadi kona una sm ngapi za ukuta dada?