Tanti ya fiyanse yangu nilimudhania mutumishi

"Tanti, jambo. Niko na miaka 26, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Siku ya yenga iliyopita fiyanse yangu alinipeleka mara ya kwanza kwao, Kampemba. Kwenye lango nilikuta mama moja kwenye kiti kidogo anachagua maharagi, amefunga kikwembe cha zamani. Nikamupa sashe yenye nilileta, nikamwambia apeleke jikoni na aniletee kiti. Kumbe ni dada ya baba mukwe, yenye banaita tatu mukaji! Niliomba samahani hata mara kumi, nikamuelezea kama nilimudhania mutumishi, akasema paka 'hakuna neno'. Wakati ya kuaga, jina ya mama mukwe ikanipotea, nikamwita Mama Kanku, batu bote bakanyamaza, kumbe banamwitaka Mwambuyi. Fiyanse hakuniambia kitu mbele, na ninaona ile tanti alivaa vile kusudi anijaribu. Sasa siku ya dote bameisogeza, hatujui sababu. Nimemutumia tanti mesaje ndefu kwa Watsapu, hajajibu. Nifanye nini?"
— Miye wa Katuba

Pole, mwana yangu. Aibu ya siku ya kwanza inaumaka, mutu anageuka usiku muzima kwenye kitanda akisikia sauti yake mwenyewe, ninajua. Lakini pole ni hiyo, sasa sikiliza.

Miye niko upande wa ile mama. Unasema alivaa vile kusudi. Mutu mwenye anachagua maharagi ya kulisha bageni ulitaka avae nini, bazin na hereni? Yale maharagi alikuwa anayachagua juu yako. Bintu bilikuwa bya kukukaribisha weye, jiwe moja moja anaitoa na kidole ili meno yako isivunjike, njo ulifika ukamutuma. Rudia kusoma barua yako pole pole, utaona haina hata neno moja kama ulimusalimia.

Hapo njo kosa yako iko. Kumudhania mutu mwingine inafikiaka kila mutu, hata bazee, hata bapadri, na kama ingekuwa ile tu ningekuambia lala usingizi. Wewe kosa yako ni kwamba mutumishi kwako hana salamu. Ungeinama kidogo, ungesema "jambo mama, habari ya hapa", ungeuliza kama mama ya nyumba eko, basi hata angekuwa mutumishi kweli, hata angekuwa mama mukwe mwenyewe, hakuna chochote kingeharibika. Salamu ile ile inafaa kwa bote. Ile tanti hakukasirika juu ulimukosea kazi yake, alikasirika juu aliona vile utaishi na batu benye unafikiri beko chini yako, na mutoto ya kaka yake njo anataka kukuingiza mu nyumba.

Kisha ile samahani yako. Mara kumi, mwana yangu! Kila mara ulisema samahani, yeye alilazimika kujibu "hakuna neno" mbele ya batu, kumi nzima, mutu mwenye kuumia akageuka wa kukubembeleza weye mwenye kumuumiza. Na mubaya zaidi ni kumuelezea "nilikudhania mutumishi". Lile neno ungelimeza. Alikuwa anajua ulimudhania nini, haikuwa lazima umutangazie mu masikio ya bashemeji bote. Bazee balisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wewe ulijikwaa dole kwenye lango, halafu ulimi mu salon.

Sasa jina. Kwa majina hayo ninaona bakwe yako ni Baluba ya Kasai, na kwao mapacha banazaliwa na majina yao tayari, mukubwa ni Mbuyi, mudogo ni Kabanga, na mutoto mwenye anafuata nyuma yao njo Kanku. Mama yao anaacha jina ingine yote anakuwa Mwambuyi, baba anakuwa Shambuyi. Ile ni cheo, mama ameibeba mu tumbo mara mbili kwa mara moja. Ukimwita Mama Kanku haukutukana, Kanku ni mutoto yake kabisa, lakini umeruka mapacha umemuhesabia kutokea mutoto mwenye alikuja nyuma. Njo maana batu balinyamaza. Lakini hii ya pili ni nyepesi, mama mukwe atakusamehe mbele hata umalize kuomba, juu anajua wewe ni mugeni, na Kanku hata unaonyesha ulijua jina ya mutoto moja.

Tanti njo muzito. Kwa Tshiluba "tatu" ni baba, "mukaji" ni mwanamuke, basi tatu mukaji ni baba mwenye eko mwanamuke. Haiko tanti ya kuletea bonbon. Kwa mambo ya ndoa ya mutoto ya kaka yake eko na neno, na wakati mwingine neno yake inapita ya mama muzazi. Kuhusu dote kusogezwa, usijichomee bure, unasema mwenyewe hatujui sababu, inaweza kuwa makuta ya shule, inaweza kuwa muzee mwingine yuko safarini. Usianze kutangaza kwenu kama ni juu ya maharagi.

Na fiyanse yako eko na kipande yake, sikatai. Mwanaume mwenye anapeleka muchumba kwao bila kumuambia nani ni nani, anamupeleka mu giza. Lakini mutakuja kuniambia nini batoto ya leo, munaongea usiku mupaka telefone inawaka moto, unajua sauti ya kuamka kwake, unajua kode ya telefone yake, na hujui mama yake banamwita nani! Zamani binti alikuwa anatumwa kwa shangazi yake juma nzima mbele ya kwenda kwa bakwe, anafundishwa nani anasalimiwa kwanza, nani haangaliwi mu macho, nani anaitwa na jina ya mutoto. Leo tunafundishwa rangi ya kitenge ya dote na nani atapiga picha. Ndoa tumeifanya ya batu babili, halafu tunashangaa kukuta nyumba iko imejaa batu.

Basi, kazi. Mesaje usitume tena hata moja. Mama wa umri ule hasamehe mutu kwa Watsapu, tena ile ndefu alimupa labda mutoto amusomee, fikiri aibu inasomwa na sauti ya mutoto. Usimutume fiyanse akuombee pia, yeye ni mutoto yao, watamusamehe yeye, wewe utabaki palepale.

Mutafute Kanku, muulize bintu bibili: tanti anapenda aitwe namna gani, na siku gani anakuwa nyumbani bila bageni. Jina ukipewa, iseme kwa sauti mara tatu ukiwa peke yako, halafu uitumie siku ileile kwenye mazungumzo na fiyanse, "nitaenda kuona Mama fulani". Jina inapoteaka mu kichwa juu siku ya kwanza ulikuwa unajisikiliza weye mwenyewe, nywele, viatu, nitakaa wapi, na ile majina kumi banayokutajia kwenye salon hauyasikiaki hata moja. Haiko kusahau, hukuisikia.

Uende na shangazi yako, ama mama mukubwa mwingine wa kwenu mwenye kinywa kitulivu. Asiende kukutetea, aende juu batu baone una batu. Fika asubuhi mbele jua haijakuwa kali. Kwenye lango musalimie kila mutu mwenye utakuta, zamu, mutoto, mwenye kufua. Ukifika kwa tanti, piga goti kidogo, musalimie kwa Tshiluba, "moyo, mama", na jina yake hapo hapo. Halafu samahani mara moja tu, ya maneno machache: "Mama, siku ile niliingia kwenu sikukusalimia, nilikutuma kama mutoto. Nilikosa. Nakuja kuomba unisamehe." Basi. Funga mudomo. Usiseme nilidhania, usiseme nilichanganyikiwa, usiseme fiyanse hakuniambia. Anyamaze dakika mbili, wewe nyamaza nazo. Ile kimya ni yake, aliistahili.

Kwa mukono usiende mutupu lakini usiende na kikwembe cha bei kali, itaonekana kama unalipa faini. Sukari kilo mbili na maharagi, maharagi yasiyochaguliwa. Omba lungo, kaa chini karibu yake, chagueni pamoja. Hapo njo mazungumzo itatoka, na haitakuwa juu ya siku ile.

Na usije kuifanya kichekesho. Ninajua kijana moja hapa kwetu mwenye alimupa baba mukwe funguo ya gari amuoshee, alimudhania zamu. Alisamehewa vizuri, muzee hata alicheka naye wakati walikunywa munkoyo pamoja. Miezi minne nyuma, siku ya ndoa, kijana akashika mikro akaisimulia mbele ya batu mia mbili ili bacheke. Bakacheka kweli. Muzee alisimama akaenda kukaa nje mupaka sherehe ikaisha. Ile hadithi haikuwa yake ya kusimulia, ilikuwa ya muzee. Na yako ni ya tanti, akitaka kuicheka atakuita yeye.

Utajua umesamehewa namna gani? "Hakuna neno" haihesabiki, ile ni neno ya kufunga mulango. Zawadi kupokelewa haihesabiki pia. Angalia siku atakutuma: "ee, niletee maji", "chumvi imeisha, kimbia kwa duka". Ama akukaripie namna unavyokata sombe. Mutu hatumi mugeni, hakaripii mugeni, anatumaka mutoto ya nyumba. Kama umefika mara mbili na bado anakupa kiti kizuri na fanta baridi, anakuita "madame", jua bado, rudi nyuma ya juma mbili, bila kugusia tena ile samahani, na uchague maharagi.

Nenda siku ya posho, si siku ya yenga, juu siku ya yenga atakuwa kanisani mupaka saa nane na utamukuta amechoka.